Akses Pointi Tano Darini: Swichi au Injekta Inapaswa Kutoa Umeme Gani

Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba huamuliwa na boriti. Mti wa mkoko haubebi dari pana, kwa hiyo vyumba hutoka virefu na vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, na kati ya kimoja na kingine unasimama ukuta wa matumbawe na chokaa unaoweza kukaribia nusu mita. Ukuta mmoja wa namna hiyo huyachosha mawimbi ya waifai, hasa yale ya 5 GHz. Wa pili huyamaliza. Ndiyo maana ruta iliyowekwa karibu na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, hata iwe ya bei gani, haifiki vyumba vya ndani wala sabule, chumba cha wageni, ya juu. Dawa ni akses pointi kadhaa, vifaa vya kurusha waifai, zilizogawanywa nyumba nzima, kila moja imefungwa darini katika eneo lake, na kila moja imevutiwa waya wake kutoka sehemu moja.

Dari ya boriti haina soketi, na kupitisha nyaya za volti 240 kati ya boriti ni kazi ya gharama na ya hatari. Waya wa ethaneti unaopeleka data unaweza kupeleka umeme pia, wa volti ndogo, na huo ndio mpango unaoitwa PoE. Mtu huenda dukani kutafuta swichi, kisanduku cha poti nyingi kinachogawa mtandao, akauliza, "Swichi hii ina PoE?" Muuzaji hujibu ndiyo, wala hajadanganya. Ila jibu hilo halitoshi, kwa sababu chini yake kuna maswali matatu: ni PoE ya aina gani, kila poti inatoa wati ngapi, na poti zote kwa pamoja zinatoa wati ngapi. Swichi inaweza kufaulu mawili ya kwanza ikaanguka la tatu, na hapo ndipo akses pointi ya mwisho inapokataa kuwaka.

Aina kwanza, wati baadaye

PoE ya kiwango rasmi haimwagi umeme ovyo. Kabla ya kutoa chochote, swichi hupeleka volti ndogo, kati ya 2.7 na 10.1, ikipima kama upande wa pili kuna ukinzani wa takriban kilo-omu 25. Ukinzani huo umewekwa makusudi ndani ya kila kifaa kinachopokea PoE ya kiwango. Ukipatikana, swichi hupima tena ili kujua daraja la kifaa, yaani kitahitaji wati ngapi, kisha ndipo inafungua umeme kamili. Usipopatikana, poti hubaki ya data tu. Kwa hiyo ukichomeka kompyuta au televisheni kwenye poti ya PoE ya kiwango, hakuna kitakachoungua.

Ipo aina nyingine isiyouliza, na huku kwetu imejaa. Redio ya intaneti inayofungwa juu ya paa mara nyingi huja na injekta, kisanduku kidogo cheusi cha volti 24 kinachotia umeme kwenye waya wa ethaneti. Kisanduku hicho hupeleka volti zake muda wote, kiwe kimechomekwa kifaa kinachohitaji au kisichohitaji. Fundi akishabadilisha redio, kile cha zamani hubaki kabatini, na siku ya kufunga akses pointi mtu hukitoa akaona kimeandikwa PoE, akakitumia. Akses pointi ya kiwango haitawaka, kwa sababu inahitaji angalau volti 37 ziifikie. Hilo ni afadhali. Balaa ni pale injekta isiyouliza inapokuwa ya volti 48 na kifaa ni cha volti 24, au waya wa umeme unapochomekwa kwa bahati mbaya kwenye poti ya ruta. Poti inaweza kufa pale pale, wakati mwingine pamoja na kifaa kizima.

Kuzitofautisha si kazi kubwa. Soma kibandiko kwanza: ya kiwango huandikwa `802.3af`, `802.3at` au `802.3bt`, na isiyo ya kiwango huandikwa `24V` tu au `passive`. Kibandiko kikiwa kimefutika, kata kipande cha waya, kichomeke upande wa kutoa umeme bila kifaa chochote, kisha pima kwa mita ya volti kati ya jozi ya buluu na jozi ya kahawia. Injekta isiyouliza itaonyesha 24 au 48 iliyotulia. Ya kiwango haitaonyesha volti kamili. Namba itarukaruka chini, kwa kuwa bado inatafuta kifaa.

Wati za poti moja

Viwango vitatu vya kukumbuka vilitoka 2003, 2009 na 2018. Cha `802.3af` hutoa hadi wati 15.4 kwenye poti, na kifaa kinaruhusiwa kutumia hadi 12.95. Cha `802.3at` hutoa 30 na kifaa hupata 25.5. Cha `802.3bt` hutoa 60 au 90 kulingana na aina yake. Kwa akses pointi za nyumbani ni nadra kukihitaji.

Tofauti kati ya namba ya poti na namba ya kifaa haikubuniwa, ni umeme unaopotea kuwa joto ndani ya waya mrefu kabisa unaoruhusiwa, mita 100. Kwa `802.3af` hesabu huchukua mkondo wa ampea 0.35 na ukinzani wa omu 20:

```
0.35 x 0.35 x 20 = 2.45 W
15.4 - 2.45 = 12.95 W
```

Katika nyumba, hata ya ghorofa tatu, waya mmoja haupiti mita 40 mara nyingi, kwa hiyo kinachopotea ni kidogo mno. Namba inayofaa kukusumbua ni ile iliyo kwenye karatasi ya vipimo vya akses pointi, mahali palipoandikwa matumizi ya juu kabisa. Ikiwa ni wati 12, `802.3af` inatosha. Ikiwa ni 13 na zaidi, unahitaji `802.3at`, na akses pointi nyingi za Wi-Fi 6 zenye antena nyingi zimeingia upande huo.

Akses pointi ya `at` ikichomekwa kwenye poti ya `af` mara nyingi huwaka vizuri tu, na hapo ndipo mtu hudhani mambo yamekwisha. Nyingine hupunguza nguvu ya redio au kuzima baadhi ya antena bila kupiga kelele. Mtandao unakuwepo, ila haufiki ulikotarajiwa. Nyingine huvumilia mchana watu wakiwa wachache, kisha usiku wageni wote wakifungua video, kifaa hutaka wati zaidi ya zilizopo, kinajizima na kujiwasha upya. Kuzima kwenye shughuli nyingi na kutulia kwenye shughuli chache ni dalili ya upungufu wa umeme. Usianze kubadilisha programu ya kifaa kabla hujaangalia poti.

Jumla ya swichi, na nyumba ya mfano

Tuchukue nyumba ya ghorofa tatu mtaa wa Mkomani. Ruta na swichi ziko kwenye kabati karibu na daka. Chini kuna akses pointi mbili, moja kila upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwa sababu kuta zinazokizunguka hazipitishi mawimbi ya kutosha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ghorofa ya kwanza zipo mbili. Ya tano iko juu kabisa, chini ya makuti, inayohudumia baraza la paa. Nne za ndani zinatumia hadi wati 12 kila moja. Ya makuti ni ya nje, yenye nguvu zaidi, hadi wati 16.

```
4 x 12 = 48 W
1 x 16 = 16 W
jumla  = 64 W
```

Dukani ipo swichi ya poti 8, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kila poti ni `802.3at`, wati 30. Wati 30 mara 8 ni 240, mtu anaona anabaki na akiba kubwa. Sasa geuza adapta yake usome kibandiko. Kikisema `54V 1.2A`, zidisha: ni kama wati 65 kwa kila kitu, na ndani ya hizo swichi yenyewe inakula chake. Kinachobaki kwa poti zote ni kama 60. Kila poti kweli inaweza kutoa 30, lakini si zote kwa wakati mmoja. Hata tatu haziwezi. Namba hii ya jumla huandikwa kwa maandishi madogo kama `PoE budget` au `total PoE power`, na ndiyo namba ya kwanza kuitafuta.

Nyumba yetu inahitaji 64 swichi ikiwa na 60, tena kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani. Siku nyingi itafanya kazi, kwa kuwa akses pointi haifiki matumizi yake ya juu kila saa. Siku ikifika, swichi huchagua ya kukata. Kwa kawaida poti zenye namba ndogo hupewa kipaumbele na ya mwisho ndiyo inayozimwa, kwa hiyo mwenye nyumba ataona makuti yanapoteza mtandao kila usiku wa wageni na ataamini kifaa cha makuti ni kibovu.

Kuna swichi ambazo ni ngumu zaidi. Hazihesabu wati zinazotumika, huhesabu daraja la kifaa. Akses pointi ya wati 12 ikijitambulisha kwa daraja la `af`, swichi huitengea 15.4 nzima, ile ya makuti huitengea 30.

```
4 x 15.4 = 61.6 W
1 x 30   = 30.0 W
jumla    = 91.6 W
```

Kwa swichi ya namna hii yenye 60, hata ya nne inaweza kukataliwa, na ya tano hakika haitawaka, ingawa kwa matumizi halisi umeme ungekaribia kutosha. Dalili yake ni safi: taa ya data ya swichi na ya PoE hubaki zimezimwa kwenye poti ile, lakini ukichomoa akses pointi nyingine, iliyokataliwa inafufuka. Kifaa kibovu hakifufuki hivyo.

Kwa nyumba hii tungenunua swichi yenye jumla ya wati 120 hivi. Inazidi 91.6, inabakisha nafasi ya kamera moja ya mlangoni, na adapta haifanyi kazi ikiwa imekaza muda wote ndani ya kabati lenye joto la Lamu. Angalia pia volti. `802.3at` inataka angalau volti 50 zitoke kwenye poti, ndiyo maana adapta nzuri huandikwa 52 hadi 55. Swichi ya bei rahisi inayojiita `at` huku adapta yake ni ya volti 48 inastahili kurudishwa rafuni. Na kabati lisifungwe kabisa: swichi nyingi za ukubwa huu hazina feni, zinategemea hewa inayopita pembeni. Acha nafasi ya viganja viwili juu yake, wala usiilaze juu ya ruta.

Injekta inapofaa

Ukiwa na akses pointi moja au mbili na tayari una swichi isiyo na PoE, injekta ni njia ya haraka na ya bei nafuu. Ina matundu mawili: la data linaloingia kutoka ruta, na la data pamoja na umeme linalokwenda darini. Tundu la umeme ndilo lililoandikwa `PoE` au `OUT`. Iwe ya kiwango kile kile cha akses pointi, na iwe imeandikwa `10/100/1000`. Zile za zamani za `10/100` zitakubania intaneti kwenye megabiti 100 hata kama umelipia zaidi, na hakuna taa itakayokuambia.

Injekta hukaa chini, karibu na ruta, si darini. Haiupi waya nguvu mpya ya data kama swichi inavyofanya, kwa hiyo mita 100 huhesabiwa kutoka ruta hadi akses pointi, injekta ikiwa katikati tu. Ukifika akses pointi ya tatu, injekta tatu zenye plagi tatu kwenye kamba moja ya soketi ni ishara kwamba wakati wa swichi umefika.

Waya ndio unaochelewesha kazi

Tumia `Cat5e` au `Cat6` ya shaba tupu, ya uzi mmoja mnene ndani ya kila waya. Madukani ipo nyingine yenye rangi ile ile na bei iliyopungua sana, imeandikwa `CCA`: ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa mita 30 umeme unaopotea ndani yake si wa kukuzuia, na ndiyo maana siku ya kwanza kila kitu huwaka. Tabu yake ni nyingine. Alumini hukatika ikikunjwa mara chache nyuma ya kifaa, na hewa ya chumvi ikipenya kwenye plagi, alumini, shaba na mkondo wa umeme huanza kulana. Baada ya miezi pini moja haishiki. Kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kununua boksi: ukiona rangi ya fedha chini ya ile nyekundu, liache. Angalia uzito pia, boksi la shaba halisi la mita 305 ni zito waziwazi.

Kwenye kubana, fuata mpangilio mmoja pande zote mbili, kwa mfano T568B, na hakikisha nyuzi zote nane zimefika mwisho wa plagi. Hapa kuna jambo linaloeleza mafumbo mengi. Swichi nyingi hupitisha umeme kwenye jozi ya machungwa na ya kijani, yaani pini 1, 2, 3 na 6. Injekta nyingi hupitisha kwenye buluu na kahawia, yaani 4, 5, 7 na 8. Akses pointi ya kiwango hupokea njia zote mbili. Basi uzi wa buluu ukiwa umekatika, akses pointi itawaka kwa swichi lakini itafanya kazi kwa megabiti 100, kwa sababu mwendo wa gigabiti unahitaji jozi zote nne. Waya ule ule ukiupeleka kwenye injekta, akses pointi inaweza isiwake kabisa. Fundi asiyejua hili ataitupa injekta nzima. Anayejua atabana upya plagi.

Usitoboe boriti. Waya hufungwa ubavuni mwa boriti kwa vishikizo vidogo na kupandishwa ghorofa kwa kona ya kiwanda au kwa tundu lililokwishapita mabomba. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kazi ya kutoboa kuta za kale huanza kwa kuulizia ofisi ya Makumbusho, si kwa drili. Bakisha mita moja ya waya iliyozungushwa darini, ili plagi ikila kutu uikate na kubana mpya bila kuvuta waya upya.

Waya wa makuti uwe wa nje, wenye ganda linalostahimili jua, na kabla ya kuingia kwenye kifaa uning'inie chini kidogo kisha upande, maji ya mvua yadondokee pale pa chini. Maji yakiingia kwenye plagi ya PoE huwa mabaya kuliko kwenye plagi ya data tu: volti 50 za upande mmoja zikikutana na unyevu wa chumvi hula pini haraka, na utaziona zimegeuka kijani upande mmoja zaidi ya mwingine. Zima poti kabla ya kuchomoa, kwani cheche ya kuchomoa umeme ukipita hukwangua dhahabu ya pini. Pale waya wa paa unapoingia nyumbani, weka kizuia radi kinachokubali PoE na gigabiti, na kifungwe kwenye waya wa ardhi wa kweli. Kisipofungwa ardhini hakina kazi.

Stima ikipotea

Faida kubwa ya swichi moja huonekana hapa: akses pointi zote tano hutegemea plagi moja. Ukiiwekea betri swichi na ruta, nyumba nzima inabaki hewani. Kwa matumizi ya kawaida, si ya juu, nyumba yetu hula kama wati 45 ukijumlisha ruta. UPS ndogo yenye betri ya 12V 9Ah ina wati-saa 108 kwa maandishi, na kwa vitendo utapata kama nusu yake, zaidi kidogo ya saa moja. Betri ya lithiamu ya 12.8V 100Ah pamoja na inveta ni jambo jingine:

```
12.8 x 100 = 1280 Wh
1280 x 0.8 x 0.85 = 870 Wh
870 / 45 = saa 19
```

Ile 0.8 ni sehemu ya betri tunayokubali kuitumia, na 0.85 ni kinachobaki baada ya inveta kuchukua chake. Kabla ya kuagiza betri, pima wati-saa halisi kwa kipima plagi kwa siku moja yenye wageni, zigawanye kwa saa 24 upate wati, na uhesabu kwa namba hiyo badala ya 45. Kisha jaribu kwa makusudi: zima kila kitu, washa kwa pamoja, hesabu taa za PoE kwenye swichi. Akses pointi zote tano zikiwaka kwa pamoja kutoka baridi, zikabaki zimewaka dakika kumi huku simu kadhaa zikicheza video chini ya kila moja, swichi na adapta yake zinatosha. Moja ikikosa kurudi, rudi kwenye kibandiko cha adapta kabla ya kugusa kingine.